Mkato Kwenye Pigo: Montaji Inayoanzia Kwenye Karatasi

Video nyingi za harusi, za matangazo na za wasanii wachanga zina kasoro moja ambayo mtazamaji huihisi bila kuweza kuitaja. Ngoma inapiga, picha inabadilika punde kidogo baadaye. Inapiga tena, picha inawahi. Hakuna kilichoharibika waziwazi, ila kazi nzima inaonekana imelegea. Kwa kawaida lawama humwendea mhariri, na mhariri naye hukesha akisogeza picha huku na huko mpaka asubuhi. Kwa maoni yangu, kasoro hiyo huzaliwa mapema zaidi, siku skripti ilipoandikwa bila mtu yeyote kuhesabu muziki.

Montaji ni mfululizo wa shoti fupifupi zinazounganishwa ili zisimulie jambo refu kwa muda mfupi: siku nzima ya sokoni kwa dakika moja, au mwaka wa mazoezi wa bondia kwa wimbo mmoja. Mara nyingi hakuna mazungumzo, kwa hiyo muziki ndio unaoongoza. Muziki una mapigo, na kila pigo lina saa yake kamili. Kama picha inatakiwa kubadilika juu ya pigo, basi saa ya kila mabadiliko inaweza kujulikana kabla kamera haijawashwa, na inaweza kuandikwa kwenye skripti pembeni ya picha yenyewe.

Njia hii ina umri wa karibu miaka mia. Mwaka 1928 Walt Disney na wenzake walikuwa wakitengeneza katuni ya Steamboat Willie, wakati sinema zenye sauti zilikuwa ngeni bado. Kijana mmoja wa studio, Wilfred Jackson, alikuwa na ujuzi wa metronomu, kile kifaa kinachogonga kwa kasi isiyobadilika. Sinema yenye sauti ilikwenda kwa fremu 24 kila sekunde, yaani picha tuli 24 zinazopita haraka hadi jicho lione mwendo. Ukijua metronomu inagonga mara ngapi kwa dakika, unajua ni fremu ngapi zinapita kati ya mgongo mmoja na mwingine, na mchoraji anaweza kuambiwa mguu wa mhusika ukanyage kwenye fremu ipi. Muziki ukaandikwa kwenye karatasi moja na maelezo ya picha. Ugumu ulitokea New York wakati wa kurekodi, maana mara ya kwanza okestra ilishindwa kwenda sawa na filamu. Ilibidi filamu ichapishwe ikiwa na alama ya mpira unaorukaruka kufuata mapigo, ili kiongozi wa okestra auone na kuufuata. Safari hiyo wakafaulu.

Karatasi ile ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa kazi ambayo kikundi kidogo chenye kamera moja kinaweza kuifanya. Tuchukue montaji ya dakika moja kuhusu asubuhi ya soko la samaki la Feri, Magogoni, Dar es Salaam: mashua zinaingia, mnada unachangamka, samaki wanaparwa magamba, mafuta yanachemka kwenye karai, wanunuzi wanaondoka na ndoo zao. Muziki umeshachaguliwa na una kasi ya mapigo 96 kwa dakika. Kwenye programu za kuhariri na za kutengenezea muziki utaiona kasi hiyo imeandikwa 96 BPM.

Kama huna programu, saa inatosha. Sikiliza wimbo, gonga meza kwa kidole, uhesabu migongo ya dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, lakini hapo ukikosea pigo moja tu, kosa linakuwa mapigo manne kwa dakika, na hilo linatosha kuharibu kazi. Hata programu huhitaji kuangaliwa. Mara nyingi hupata kasi ambayo ni mara mbili au nusu ya ile ya kweli, hivyo wimbo wetu unaweza kuandikwa 192 au 48. Anayeamua ni mwili wako: pigo ni pale ambapo mguu unataka kukanyaga.

Mapigo 96 kwa dakika maana yake kila pigo huchukua sekunde 0.625. Muziki mwingi wa dansi na wa bongo fleva hukusanya mapigo manne manne katika fungu moja, ambalo wanamuziki huliita baa. Fungu moja la wimbo wetu ni sekunde mbili na nusu, na mafungu 24 yanatimiza dakika kamili. Mpaka hapa hesabu ni tamu. Ugumu unaanza tunapobadilisha sekunde kuwa fremu.

Kwetu televisheni hutumia fremu 25 kwa sekunde, urithi wa umeme wetu wa mizunguko 50. Ukizidisha 25 kwa 0.625 unapata 15.625. Pigo moja lina fremu kumi na tano na zaidi ya nusu, lakini fremu haikatiki vipande. Mkato lazima uwe kati ya fremu moja na nyingine. Anayefanya haraka atasema, basi tuweke 16 kila pigo. Mkato wa kwanza utakuwa sawa, na wa pili hakuna atakayeugundua. Baada ya mapigo manane atakuwa amechelewa fremu tatu, baada ya mapigo 16 fremu sita, ambazo ni karibu robo ya sekunde, na hapo hata mtoto ataona picha inaburuta. Mwisho wa dakika atakuwa amechelewa fremu 36. Kosa dogo limekuwa kubwa kwa sababu kila pigo lilihesabiwa kutoka kwenye pigo lililolitangulia, likarithi kosa lake na kuongeza la kwake.

Dawa ni kuhesabu kila pigo kutoka mwanzo wa wimbo. Pigo la kwanza liko fremu 0. La pili liko 15.625, la tatu 31.25, la nne 46.875, na fungu la pili linaanza 62.5. Ukishapata namba hiyo ndipo unaondoa desimali. Kwa wimbo wetu orodha inakuwa 0, 15, 31, 46, 62, 78, 93, 109, kisha 125, ambayo ni sekunde tano kamili bila desimali yoyote. Nafasi kati ya mikato hiyo mara ni 15, mara ni 16, na jicho haligundui. Kinachogundulika ni kosa linalokua, na hapa haliwezi kukua, maana kila mafungu mawili hesabu inarudi kwenye namba kamili.

Huenda umeona kwamba nimeshusha desimali zote, hata 46.875 ambayo shuleni tungeipandisha iwe 47. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Fundi akipigilia misumari upande wa pili wa barabara, unaona nyundo ikitua kabla hujasikia mlio, na hushangai, kwa sababu maisha yako yote mwanga umekufikia kabla ya sauti. Mlio ukitangulia nyundo, ungeshtuka. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limeweka vipimo vya jambo hili kwa ajili ya televisheni: sauti ikitangulia picha kwa takriban milisekunde 45, watu wanaanza kugundua, lakini sauti ikichelewa hawagundui hadi karibu milisekunde 125. Fremu moja kwa kasi yetu ni milisekunde 40. Kwa hiyo kama mkato hauwezi kukaa juu ya pigo lenyewe, ni afadhali picha iwahi kwa chini ya fremu moja kuliko ichelewe kwa kiasi hichohicho. Wahariri wengine huwahisha kwa fremu nzima hata pale namba inapokubali, kwa kuwa jicho huhitaji kitambo kidogo kulitambua jambo jipya. Mimi huanza na namba yenyewe, nikaangalia, kisha nikaamua.

Sasa skripti. Skripti ya kawaida ya video ina safu mbili, picha upande mmoja na sauti upande wa pili. Tunaongeza safu ya tatu ya mafungu na mapigo, na ya nne ya fremu. Lakini kabla ya kuandika shoti hata moja, tunausikiliza wimbo wote na kuuchora umbo lake. Tuseme wimbo wetu unaanza na gitaa peke yake kwa mafungu manne. Ngoma zinaingia fungu la 5. Mwimbaji anaingia fungu la 9. Fungu la 13 vyombo vyote vinachangamka. Fungu la 17 ngoma zinanyamaza, linabaki gitaa na sauti ya mwimbaji. Fungu la 21 ngoma zinarudi, na wimbo unafungwa mwisho wa fungu la 24. Umbo hilo ndilo litakaloamua picha zibadilike kwa kasi gani, na uamuzi huo ni mgumu kuliko hesabu yote iliyotangulia.

Gitaa peke yake linahitaji utulivu: shoti mbili tu, kila moja ya mafungu mawili. Ya kwanza ni bahari kabla ya jua kutoka, ya pili ni mashua inayokaribia ufukoni. Ngoma zinapoingia, kila fungu linapata shoti yake, sekunde mbili na nusu kila moja. Mwimbaji anapoingia tunakata kila mapigo mawili, na tunapata shoti nane za mnada: mikono, nyuso, samaki wakiinuliwa juu. Kuanzia fungu la 13 tunatumia mpangilio ninaoupenda sana, mbili, moja, moja: shoti ya kwanza inakaa mapigo mawili, mbili zinazofuata zinakaa pigo moja moja. Kipande hicho kwenye karatasi kinasomeka hivi:

```
FUNGU.PIGO  FREMU  PICHA                        KILELE
13.1        750    Kisu, mbao, kichwa cha samaki  kisu kinatua 13.2
13.3        781    Magamba yanaruka               papo hapo
13.4        796    Jicho la samaki, karibu sana   hakuna
14.1        812    Samaki anatumbukizwa karaini   mafuta yanaruka 14.2
14.3        843    Moshi, uso wa mkaangaji        hakuna
14.4        859    Mkono unageuza kwa upawa       papo hapo
```

Fremu 781 kwenye saa ya programu ya kuhariri itaonekana 00:00:31:06, yaani sekunde 31 na fremu sita. Mhariri akifika hapo hahitaji kubahatisha. Anaiweka shoti mahali ilipoandikwa, kisha anatumia muda wake kwenye mambo yanayomhitaji zaidi.

Safu ya mwisho, kilele, ndiyo ambayo wengi huisahau, nami naona ina uzito kuliko safu ya fremu. Kila tendo lina kitambo kimoja ambacho jicho hukishika: kisu kinapogonga mbao, mguu unapokanyaga, maji yanaporuka, mtu anapogeuza uso. Kitambo hicho nacho ni pigo, pigo la macho. Tuseme umekata vizuri kabisa juu ya fremu 750, lakini kisu kikatua fremu nane baadaye, katikati ya pigo na pigo. Mtazamaji hataukumbuka mkato wako. Ataona kisu kinachopingana na ngoma, na atahisi kwamba picha na muziki haviendani ingawa kila mkato uko mahali pake. Kwa hiyo skripti inataja vyote viwili: picha inaingia 13.1, kisu kinatua 13.2, yaani kwenye fremu 765. Ngoma ya kwanza inaleta picha, ya pili inaleta kisu.

Je, utamwambiaje mpara samaki wa Feri akate kwa mapigo 96? Humwambii. Ana kazi yake na ana mwendo wake, na mwendo wake ndio uzuri wa picha. Unachofanya ni kurekodi kila tendo kwa muda mrefu, angalau sekunde ishirini bila kukatiza, ili upate kisu kinachotua mara nyingi na uchague kile kinachofaa. Ukishampata, unahesabu fremu kati ya mtuo na mtuo. Tuseme ni 18. Muziki unataka 15.625. Ukiongeza mwendo wa picha hadi asilimia 115, mituo yake inakuwa kila fremu 15.65, na inaweza kufuatana na ngoma kwa mapigo kadhaa bila kuachana nayo. Kwa kisu, magamba na mafuta yanayochemka, asilimia 15 haionekani. Kwa watu wanaotembea inaonekana haraka, wanakuwa kama wanasukumwa na upepo, hivyo shoti za watembeao ziachwe na mwendo wake wa asili, zikatwe tu kwenye pigo.

Pale ambapo wahusika ni waigizaji au wacheza ngoma, mambo ni tofauti. Muziki wenyewe hupigwa kwenye spika wakati wa kurekodi. Mwongozaji Edgar Wright alilifikisha jambo hili mbali katika filamu ya Baby Driver ya mwaka 2017. Nyimbo zilichaguliwa tangu kwenye skripti, waigizaji wakasikia muziki masikioni wakiigiza, akawepo mtaalamu wa kupanga miondoko, na mhariri Paul Machliss akawa palepale eneo la kurekodi akiunganisha shoti juu ya wimbo, ili ikionekana mlango umefungwa nje ya pigo urekodiwe tena kabla watu hawajaondoka. Sisi wenye bajeti ndogo hatuna mhariri wa kukaa naye eneo la kazi, lakini karatasi ya mapigo mkononi mwa msaidizi inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Anaweza kusema: kwa 14.1 tunahitaji fremu 31 tu, na kilele kiwe katikati, tayari tunazo.

Namba zikishawekwa vizuri, kishawishi kinachofuata ni kukata kwenye kila pigo tangu mwanzo hadi mwisho. Ukifanya hivyo, baada ya mafungu machache sikio la mtazamaji linaujua mkato unaokuja kabla haujafika, na anaacha kutazama samaki, anaanza kungoja mabadiliko. Tena, shoti ya pigo moja ina sekunde 0.625 tu. Jicho la samaki litaeleweka ndani ya muda huo. Uso wa mama anayepanga bei hauwezi kusomeka, na kibao chenye maandishi ndiyo kabisa. Ndiyo maana katika karatasi yetu fungu la 17 hadi la 20 lina shoti moja tu, sekunde kumi nzima, kuanzia fremu 1000: mvuvi amekaa juu ya mashua yake tupu, anakunywa chai. Ngoma zimenyamaza na mikato imenyamaza. Ukijumlisha montaji yote ina shoti 30, na kati ya hizo ni nane tu zilizo za pigo moja.

Mwongozaji wa Kirusi Sergei Eisenstein aliliandika tatizo la upande wa pili mwaka 1929. Alieleza njia ya kupanga urefu wa shoti kwa hesabu kama ya muziki, kisha akatoa mfano wa filamu ya Dziga Vertov, Mwaka wa Kumi na Moja, ambayo hesabu yake aliona imekuwa ngumu kiasi kwamba ungeigundua kwa rula tu, bila kuihisi ukitazama. Onyo hilo bado lina nguvu. Mpangilio wa mbili, moja, moja husikika. Mpangilio wa tatu na nusu, moja na robo, mbili, unaweza kupendeza kwenye karatasi na usimfikie mtu yeyote.

Tuseme sasa umefuata yote hayo, umekaa mezani, na bado picha haziendani na wimbo. Aina ya kosa itakuambia chanzo chake. Kama kila mkato umechelewa, au umewahi, kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, basi mwanzo wako wa hesabu ndio wenye makosa. Nyimbo nyingi hazianzi na pigo la kwanza kwenye fremu 0. Kuna kimya kidogo mwanzoni mwa faili, au mwimbaji anaanza neno moja kabla ya pigo. Tafuta pigo la kwanza la kweli kwenye mchoro wa mawimbi ya sauti, pale ngoma inapochomoza kama mwiba, na upafanye hapo ndipo sifuri.

Kama mwanzoni ni sawa na kosa linakua taratibu, kasi uliyoipima si ya kweli, au umezungusha namba kila pigo kama yule wa 16. Ongezeko la pigo moja kwa dakika, 97 badala ya 96, litakupeleka pigo zima mbele kufikia mwisho wa dakika.

Kama kosa halina mpangilio, hapa limewahi na kule limechelewa, angalia kwanza simu. Simu nyingi hurekodi kwa fremu 30 badala ya 25, na hazishiki kasi moja. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, fremu hupungua au huongezeka bila kukuarifu. Kilele cha tendo ulichokihesabu kwenye simu hakitakuwa palepale kwenye programu. Suluhisho ni kuweka kasi maalumu kwenye programu ya kamera inayoruhusu hivyo, au kubadilisha faili zote ziwe na fremu 25 zisizoyumba kabla hujahesabu chochote. Chanzo kingine ni alama zilizowekwa kwa mkono. Katika Premiere na DaVinci Resolve ukibonyeza herufi M wakati wimbo unacheza, alama inabaki mahali ulipobonyeza, na wengi huitumia kufuata mapigo kwa kidole. Ni mwanzo mzuri, lakini kidole huwahi au huchelewa kwa fremu mbili tatu. Alama hizo lazima zisogezwe moja moja mpaka kwenye mwiba wa sauti.

Hesabu hii yote imechukulia kwamba muziki una kasi moja, na muziki wa kompyuta huwa hivyo. Muziki uliopigwa na watu waliokaa pamoja chumba kimoja hauko hivyo. Chukua rekodi za zamani za bendi za dansi, kama zile zilizofanywa kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam: wimbo unaanza kwa upole, na ukifika kwenye chemko wapigaji wanapandisha, kila mmoja akimfuata mwenzake. Wastani wa BPM hapo hausaidii kitu. Unachofanya ni kuupitia wimbo kwenye programu, kuweka alama kwenye mwanzo wa kila fungu kwa kuangalia mawimbi, na kunakili saa zake kwenye skripti zilivyo. Safu ya fremu itakuwa na namba zisizo na utaratibu, na ndizo sahihi. Ndani ya fungu moja unaweza kugawanya kwa nne bila hofu, maana kasi haiwezi kubadilika sana kwa sekunde mbili.

Aina ya mdundo nayo inahitaji uangalifu. Chakacha ya pwani ina mapigo makubwa mawili katika kila fungu, kila moja likiwa na vipande vitatu. Aliyezoea kuhesabu nne nne atagawanya fungu hilo vibaya, na mikato yake ya katikati itaangukia mahali ambapo hakuna ngoma. Tazama nyonga ya mchezaji, hesabu inapogeuka, na hapo ndipo ukate. Singeli ina tabia yake pia, kwani huenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kwa 240, pigo moja ni robo ya sekunde, fremu sita na kidogo. Ukikata kila pigo utapata mmweko unaochosha macho, na hakuna picha itakayoonekana. Huko pigo la picha liwe la nne au la nane, na kasi ibebwe na mwendo ulio ndani ya shoti: miguu ya wachezaji, kamera inayokimbia nao.

Turudi kwenye karatasi ya Feri, kwenye mafungu manne ya mwisho. Ngoma zinarudi fremu 1250 na tunakata 1250, 1312, kisha 1375, ambayo ni shoti ya mwisho na itakaa mafungu mawili: mnunuzi anapanda daladala na ndoo yake. Hesabu inaishia fremu 1500, lakini sauti haiishii hapo. Pigo la mwisho la gitaa linaendelea kufifia, pengine kwa sekunde mbili, na skripti inapaswa kusema picha ifanye nini wakati huo. Ukiikata kwenye 1500 wakati nyuzi bado zinalia, mtazamaji ataona umemfungia mlango usoni. Niliiandika hivi: daladala inaondoka kwenye 1437, picha inabaki kwenye barabara hadi 1550, giza linaingia pole pole kuanzia 1525.